Bumu la dola 3,000 limeingia 55: namna ya kufuatilia kila kato

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu mnaokuja kusoma Marekani na viza ya F-1 mkiwa na skolashipu inayolipa kila kitu, maana kuna kitu nilikutana nacho Septemba 2024 nikiwa sina hata wiki nne nchini na hakuna mtu alikuwa amenidokeza.

Barua yangu ya ufadhili ilisema hivi: ada yote wanalipa wao, hosteli na chakula wanalipa wao (dola 4,000 kwa semista), halafu napewa dola 3,000 kila semista za kujikimu. Mimi hizo 3,000 nilishazipangia bajeti kabla sijapanda ndege, koti la baridi, laptopu, na laki kadhaa za kumtumia mama Morogoro. Tarehe 4 Septemba simu ikalia, hela imeingia, nafungua apu ya benki naona 55.00. Nikadhani wameanza na kianzio na nyingine zinafuata. Nikasubiri siku tatu nakula chakula cha kantini tu, hakuna kilichofuata.

Mama kupiga simu nikamwambia ukweli. "Mwanangu, hao si wamekuibia?" Nikamwambia mama sijui, ngoja niulize. Na hapo ndipo makosa yangu yalipoanza kwa sababu nilienda kuuliza bila kujua nauliza nini, nikazungushwa ofisi tatu, ofisi ya skolashipu wanasema sisi tumetoa 3,000 kamili, ya uhasibu wanasema sisi tumelipa salio lililokuwepo, benki wanasema sisi tumepokea 55. Na wote walikuwa wanasema kweli! Kwa hiyo nakuelekeza njia niliyotakiwa kuifuata tangu mwanzo.

Kwanza fungua akaunti yako ya chuo, achana na benki

Benki inaona kilichobaki tu. Makato yote yanafanyika kwenye akaunti yako ya mwanafunzi ndani ya mfumo wa chuo, ile ukurasa wanapoandika unadaiwa nini na umelipa nini. Bumu lako haliji benki moja kwa moja, linaingia pale kwanza, linalipa kila deni lililokaa pale, halafu makombo ndiyo yanatumwa benki. Tafuta sehemu inayoonyesha mistari yote ya semista nzima, usiangalie ile ya salio tu maana salio litasema sifuri na wewe utabaki unashangaa.

Yangu, nikiondoa mistari ya ada, hosteli na chakula, ilikuwa hivi:

```
08/12  STUDENT HEALTH INS              720.00
08/12  INTL STUDENT FEE                 75.00
08/26  LATE PAYMENT FEE                 50.00
08/30  SCHOLARSHIP - LIVING STIPEND -3,000.00
08/30  NRA TAX                       2,100.00
09/04  REFUND - DIRECT DEPOSIT          55.00
```

Kitu cha kwanza kinachochanganya ni alama ya kutoa. Kule hesabu imeandikwa kwa macho ya chuo, sio yako, kwa hiyo chenye alama ya kutoa ndiyo hela yako iliyoingia, na kisicho na alama ni deni au hela iliyotoka. Mimi siku ya kwanza niliona -3,000 nikajua nadaiwa milioni nane, presha ikapanda.

Chukua daftari, andika kila mstari na tarehe yake, jumlisha. 720 na 75 na 50 na 2,100 ni 2,945. Toa kwenye 3,000 inabaki 55. Hapo tayari umeshajua hakuna hela iliyopotea njiani wala benki haijakata kitu, na hilo peke yake linakupunguzia ofisi moja ya kwenda. Kama hesabu yako haifungi, yaani ukijumlisha unapata tofauti na kilichoingia benki, basi kuna mstari hujauona, mara nyingi uko kwenye semista nyingine au kipindi cha kiangazi, badilisha pale juu uangalie.

Kila mstari uupe mwenyewe

Sasa mstari mmoja mmoja, unajiuliza nani kauweka na kwa karatasi gani.

Bima ya afya 720, hii niliikuta kwenye barua ya ufadhili kwa njia ya kutokuwepo. Barua ilisema wanalipa ada na michango ya lazima ya masomo, ikataja hosteli, ikataja chakula, bima haikutajwa popote, na mimi nikasoma kwa furaha nikajazia mwenyewe kichwani. Kwa hiyo ni halali. Ila kuna Mganda mmoja tuko naye darasani, yeye mfadhili wake alikuwa ameshamkatia bima nyingine na chuo kikamkata tena, akajaza fomu ya kuomba asamehewe ile ya chuo akarudishiwa. Hiyo fomu ina siku ya mwisho na mara nyingi ni wiki chache tu za mwanzo wa semista, ikipita imepita.

Dola 75 ni mchango wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uko kwenye orodha ya michango ya chuo, nikaweka tiki nikaendelea.

Dola 50 ya kuchelewa kulipa ndiyo iliyoniudhi. Angalia tarehe: wamenipiga faini tarehe 26 Agosti, skolashipu yao wenyewe imeingia tarehe 30. Yaani nimechelewa kulipa kwa sababu wao wamechelewa kunilipia! Hapa usilalamike kwa mdomo, andika imeili fupi, weka skrinshoti ya mistari miwili yenye tarehe, weka barua ya ufadhili, omba waiondoe. Mimi waliiondoa ndani ya siku mbili bila swali.

Ule mstari mkubwa

NRA TAX 2,100. Hii NRA ni kifupi cha nonresident alien, jina ambalo sheria ya kodi ya Marekani inamwita mgeni ambaye kikodi bado si mkaazi. Mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida anahesabiwa hivyo kwa miaka 5 ya kwanza, na mwaka unahesabiwa kwa kalenda, ukiingia hata Desemba 28 ule tayari ni mwaka mmoja.

Mimi nilichukua 2,100 nikagawanya kwa 3,000 nikapata asilimia 70. Asilimia sabini! Nikaenda kwa dada mmoja Mkenya anayesoma PhD, yuko huku mwaka wa tatu, nikamwonyesha simu, akacheka kwanza.

"Umejaza Glacier?"

"Glacier ndiyo nini dada?"

"Haiya! Basi wamekukata thelathini wewe. Lakini si thelathini ya hiyo elfu tatu. Nyumba unalala bure?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hili ndilo jambo ambalo ukilishika mengine yote yanakuwa mepesi. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaigawa skolashipu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ada, michango ya lazima, na vitabu na vifaa ambavyo kozi inamlazimisha kila mwanafunzi awe navyo, hilo halikatwi kodi kama unasomea digrii. Fungu la pili ni kila kinachobaki, yaani hosteli, chakula, nauli na hela ya mkononi, na lote hilo ni kipato chako kinachokatwa kodi hata kama hujawahi kuishika mkononi.

Sasa hosteli na chakula changu vilikuwa 4,000. Kwenye akaunti ya chuo vilionekana kama deni la 4,000 na chini yake skolashipu -4,000, vimefutana, macho yanaruka. Lakini kodi ya hizo 4,000 lazima itoke mahali, na kitanda hakiwezi kukatwa asilimia, wala sahani ya wali, kwa hiyo kodi ya kitanda na ya chakula inakatwa kwenye hela taslimu iliyopo, ambayo ni bumu. Chukua 4,000 ujumlishe 3,000, ni 7,000. Gawanya 2,100 kwa 7,000 unapata asilimia 30 kamili, hesabu imekaa.

Kwa hiyo ukitaka kujua umekatwa asilimia ngapi usigawanye kwa bumu, gawanya kwa bumu pamoja na hosteli pamoja na chakula, na nauli ya ndege kama mfadhili aliilipa. Ukipata 30 au 14 umeshaipata njia. Ukipata namba ya ajabu kama 19 au 22, rudi kaangalie kama kuna kitu kingine kimehesabiwa kuwa kipato, au kama kuna kitu ambacho wewe umekihesabu na wao hawajakihesabu.

Kwa nini 30 wakati inatakiwa 14

Kwa mtu wa viza ya F, J, M au Q, fungu la pili la skolashipu linakatwa asilimia 14. Asilimia 30 ni ya mgeni ambaye hajathibitisha chochote. Chuo kikikosa karatasi zako kinakata 30 kwa kujilinda, maana wakikata pungufu ni wao watadaiwa na serikali.

Karatasi zenyewe vyuo vingi wanazikusanya kwa programu ya mtandaoni, kwetu ilikuwa hiyo GLACIER, vyuo vingine wanatumia Sprintax. Unatumiwa imeili yenye jina la kuingilia na neno la siri, unajaza tarehe ulizoingia Marekani, aina ya viza, nchi yako, na aina ya hela unayopokea. Mwisho inatoa ripoti, unaiprinti, unasaini, unaambatanisha kopi ya pasi, viza, I-20 na ile rekodi ya kuingia nchini inayoitwa I-94, unapeleka ofisi ya kodi ya chuo. Imeili yangu ilikuwa imekuja tarehe 15 Agosti kwenye anwani ya chuo ambayo nilikuwa sijaifungua hata mara moja, nilikuwa natumia ile yangu ya zamani ya tangu fomu sita.

Nikajaza usiku uleule, saa moja hivi, asubuhi nikapeleka. Yule mama wa ofisi ya kodi akaangalia, akasema sawa, nikamuuliza ile tofauti je. Hapa sikiliza vizuri, kuna njia mbili na moja ina muda. Chuo kikikata zaidi, kinaweza kukurudishia chenyewe kama mwaka haujafungwa na vitabu vyao vinaruhusu. Wasipokubali, unasubiri mpaka mwaka unaofuata uidai IRS. Kwa hiyo swali la kuuliza ni "mnaweza kunirekebishia ndani ya mwaka huu?" na uliulize mapema, sio Desemba tarehe 20 watu wanafunga ofisi.

Wangu walikubali. 7,000 mara asilimia 14 ni 980, walikuwa wamekata 2,100, tofauti 1,120. Wiki mbili baadaye zikaingia, pamoja na ile 50 ya faini. Ukijumlisha na 55 ya mwanzo nimepata 1,225, na ukitaka kuhakikisha chukua 3,000 toa 980 toa 720 toa 75, unapata hiyohiyo 1,225. Bado koti sikununua jipya, nilichukua la mtumba, zuri tu.

Kuna watu watakwambia omba msamaha wa mkataba wa kodi, maana rafiki yao Mchina hakatwi kitu. Ni kweli Wachina wana mkataba na Marekani. Tanzania haina mkataba huo wa kodi ya kipato na Marekani, Kenya haina, Uganda haina, kwa hiyo wewe Mswahili mwenzangu usipoteze muda hapo.

Na vitabu nilijaribu pia. Nilinunua vitabu vya lazima vya dola 310 nikadhani vitapunguza ile 7,000. Vingepunguza kama hela ingekuwa haina masharti, ila barua yangu iliandika wazi 3,000 ni za kujikimu, na hela iliyoandikiwa kazi ya kujikimu haigeuzwi kuwa ya vitabu. Soma yako imeandikaje.

Kudai kilichobaki

Asilimia 14 ni makato ya awali tu, kodi yako halisi inahesabiwa mwaka ukiisha. Na mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba, sio mwaka wa masomo, kwa hiyo kwangu 2024 ilikuwa na semista moja tu.

Kufikia katikati ya Machi chuo kinatakiwa kukupa fomu 1042-S. Angalia vitu vinne humo: kisanduku 1 kiwe na 16, hiyo ndiyo kodi namba ya skolashipu, namaanisha namba ya utambulisho, lugha yetu hii "kodi" inanichanganya na mimi. Kisanduku 2 ni kipato, changu 7,000. Kisanduku 3b asilimia, 14. Na 7a ni walichokata, 980. Linganisha na daftari lako la Septemba, ukiona bado wameandika 2,100 wakati walisharudisha, warudishie wasahihishe kabla hujatuma chochote.

Ada haitaonekana kwenye fomu hiyo, usishtuke, lile fungu la kwanza halihitaji kuripotiwa hapo.

Halafu unajaza fomu mbili za IRS, 1040-NR ambayo ni ya mgeni kutangaza kipato chake, na 8843 ya kueleza kwamba uko huku kama mwanafunzi. Kwenye 1040-NR sisi hatupewi ile punguzo ya kawaida ambayo Wamarekani wanapewa, kwa hiyo 7,000 yote inahesabiwa, na daraja la chini kabisa ni asilimia 10. Kwenye jedwali lao la 2024 kipato cha 7,000 kinaangukia kodi ya dola 703. Nilikatwa 980, toa 703, wananidai, samahani, nawadai 277.

Kosa kubwa hapa ni kutumia zile programu za kodi zinazotangazwa kwenye runinga. Nyingi zinatengeneza 1040 ya mkaazi, zinakupa punguzo ambalo si lako, na unarudishiwa yote 980 ukafurahi. Kuna jamaa tulikuwa naye nyumba moja alifanya hivyo kisha barua ikamfuata anatakiwa kurekebisha na kurudisha. Tumia ile ambayo chuo kinakupa bure kwa wanafunzi wa kigeni.

Siku ya mwisho kama una mshahara wa kazi ya chuoni ni Aprili 15, kama una skolashipu tu ni Juni 15. Na kama unafanya kazi chuoni, kule maktaba au jikoni, chukua hati yako ya mshahara uangalie mistari ya Social Security, yaani makato ya pensheni (asilimia 6.2), na Medicare, ya matibabu ya wazee (1.45). Ukiwa kwenye ile miaka 5 ya F-1 hiyo mistari iwe sifuri. Ikiwa na namba, mwambie mwajiri arudishe, anaweza.

Shida yangu ya mwisho ilikuwa namba. Bila kazi hupewi namba ya Social Security, na bila namba huwezi kudai, kwa hiyo unaomba namba nyingine inaitwa ITIN kwa fomu W-7, inatumwa pamoja na 1040-NR yako ya kwanza kwa karatasi, Austin, Texas. Wanataka pasi halisi. Usiitume pasi yako kwa posta, ulizia chuoni kama kuna mtu mwenye kibali cha IRS cha kuthibitisha kopi, sisi alikuwepo, akaangalia pasi dakika tano akagonga muhuri nikarudi nayo mfukoni.

Nilituma mwanzoni mwa Aprili. 277 ziliingia Julai. Wakati huo bumu la Januari lilishakuja na kuisha, na lenyewe lilikuja na NRA TAX 980 mstari wa tatu kutoka chini, nikalitazama tu. Mama akapiga, "Leo wamekupa ngapi?" Nikamwambia kabla sijafungua apu ya benki.